Sura ya Saba: Kilichotoka na Kilichoingia

Shangazi yangu aliacha sukari kwenye chai siku ileile alipoambiwa ana ugonjwa wa sukari. Hakubembelezwa. Alirudi nyumbani, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka nchini Malawi, akachukua kopo lake la sukari, akampa jirani mwenye watoto wengi, na tangu siku hiyo akanywa chai kavu, asubuhi, mchana na jioni. Miezi miwili baadaye alipopimwa, sukari yake haikuwa imeshuka. Ilikuwa imepanda. Muuguzi akamuuliza anakula nini, naye akajibu kwa uaminifu: ugali kidogo, maharage, mboga, samaki akipatikana. Juisi hakuitaja. Kwake yeye ile haikuwa kitu cha kuungama, ilikuwa sehemu ya matibabu.

Nililiona boksi lenyewe nilipomtembelea, limesimama chini ya meza, mahali penye ubaridi. Juisi ya matunda, lita moja, na mbele pamechorwa embe na chungwa lenye matone ya umande.

"Shangazi, hii nayo?"

"Hiyo ni ile ya watu wa sukari, mwanangu. Haina sukari. Mwenye duka mwenyewe amenionyesha palipoandikwa."

Pameandikwa kweli, kwa herufi nyeupe juu ya jani la kijani: maneno yale ya Kiingereza ambayo sokoni kwetu hutamkwa "no adid shuga". Mwenye duka hakumdanganya, wala kiwanda hakikumdanganya. Hata hivyo, shangazi alikuwa anakunywa vikombe viwili vya juisi hiyo kila siku, na humo mlikuwa na sukari zaidi ya mara mbili ya ile aliyoiacha kwenye chai. Sura hii inaeleza jambo hilo liliwezekanaje bila mtu yeyote kusema uongo.

Hesabu ya boksi moja

Tuligeuza boksi. Nyuma, kwa maandishi madogo, pana jedwali la virutubisho. Safu moja ya tarakimu ni ya kipimo ambacho kiwanda kimechagua kukiita kinywaji cha mtu mmoja, na kwenye boksi hili kilikuwa mililita 200. Safu nyingine ni ya mililita 100. Chini ya mstari wa wanga pana mstari mwingine umesogezwa ndani kidogo, kama mtoto nyuma ya mama yake. Huo ndio mstari wa sukari. Umewekwa pale kwa sababu sukari ni sehemu ya wanga, na jicho lenye haraka hulipita. Ulisema: gramu 11 katika kila mililita 100.

Kikombe cha plastiki cha shangazi tulikipima kwa chupa ya maji ya nusu lita. Kiliingia mara mbili kamili, maana yake kinabeba mililita 250. Vikombe viwili ni nusu lita, na nusu lita ina gramu 55 za sukari. Kijiko cha chai kilichosawazishwa hubeba kama gramu 4. Ukigawa 55 kwa 4 unapata karibu vijiko 14. Zamani aliweka vijiko viwili katika kila kikombe cha chai, vikombe vitatu kwa siku, jumla vijiko sita. Alikuwa ameacha sita na kuingiza kumi na nne.

Kwa kulinganisha, soda ya kawaida ya kola ina gramu kati ya 10 na 11 katika mililita 100. Ile juisi na soda ambayo shangazi asingeigusa zilikuwa sawa kwa kiasi cha sukari.

Sasa yarudie maneno ya mbele ya boksi polepole. Yanasema sukari haikuongezwa. Hayasemi sukari haimo. Machungwa, maembe, tufaha na zabibu yana sukari yake tangu mtini, na ukiyakamua unaacha nyuma nyuzinyuzi zilizokuwa zikiichelewesha tumboni. Mtu anayekula tufaha moja hutafuna dakika kadhaa na kushiba. Anayekunywa kikombe cha juisi humeza sukari ya tufaha kama mawili kabla mwenzake hajamaliza lake moja. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, halikuweka sukari ya juisi upande mmoja na ile ya tunda zima. Liliiweka pamoja na asali, shira na sukari ya mezani, na kushauri kwamba zote kwa jumla zisizidi sehemu moja ya kumi ya nishati ya siku. Kwa mtu mzima wa kawaida hiyo ni kama gramu 50, na ingefaa zaidi zikishuka hadi 25. Shangazi alikuwa anapita 50 kwa juisi peke yake.

Hapa kwetu kosa lina mlango wa ziada. Dzaleka iko wilaya ya Dowa, kama kilomita 45 kaskazini ya Lilongwe. Tangu ifunguliwe mwaka 1994 imepokea hasa watu kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambao wengi wao wamesoma kwa Kifaransa na huongea Kiswahili sokoni. Bidhaa za dukani hutoka kwa wauzaji wa jumla wa Lilongwe, na nyingi kati yake zimetengenezwa Afrika Kusini, lebo zake za Kiingereza. Kwa hiyo lebo hufika kwa mnunuzi kupitia mdomo wa muuzaji, naye hana muda wa kutofautisha "haikuongezwa sukari" na "haina sukari". Akifupisha, tofauti yote inabaki dukani.

Thobwa na utamu usioongezwa

Ikiwa bado unaona ajabu kwamba kitu kinaweza kuwa kitamu bila kutiwa sukari, kumbuka thobwa, ambayo Watanzania wanaiita togwa. Mama wa Kimalawi anapika uji wa unga wa mahindi, anauacha upoe hadi uwe wa vuguvugu, kisha anakoroga humo unga wa mtama au ulezi uliooteshwa na kukaushwa, yaani kimea. Uji mzito unalegea mbele ya macho yake, na baada ya muda unakuwa mtamu. Hakuna aliyetia sukari. Vimeng'enya vilivyoamka katika mbegu iliyoota vimekata wanga wa mahindi vipande vipande, na vipande hivyo ndivyo sukari.

Viwanda vinajua kazi hiyo vizuri. Unaweza kuchukua nafaka, ukaipitishia vimeng'enya, ukapata kinywaji kitamu ambacho kijiko cha sukari hakijakigusa. Waliotunga mwongozo wa kimataifa wa Kodeksi, ambayo FAO na Shirika la Afya Duniani waliianzisha mwaka 1963, waliuona mwanya huu. Kanuni zao zinasema dai la kutoongeza sukari halifai ikiwa sukari imezalishwa ndani ya bidhaa kwa vimeng'enya, au ikiwa imeingia kwa jina la kuazima: jemu, rojo la matunda makavu, au juisi nzito ambayo haikurudishiwa maji yake. Lakini Kodeksi ni mwongozo tu. Nguvu ya sheria hutoka katika kila nchi, na kwenye rafu moja ya Lilongwe huweza kukaa bidhaa za nchi nne.

Kuna njia ya tatu ya utamu, nayo hupatikana zaidi kwenye sharubati za kuchanganya na maji. Hapo kweli sukari haikuongezwa, na mara nyingi mstari wa sukari kwenye jedwali unakaribia sifuri. Utamu unatoka kwa viongeza utamu kama aspatemu, asesulfamu, sukralosi na sakarini, ambavyo huandikwa pia kwa namba: E951, E950, E955, E954. Hivi havipandishi sukari ya damu kama sukari inavyofanya. Kwa mgonjwa kama shangazi, sharubati hii na ile juisi ni vitu viwili tofauti kabisa, ingawa zote mbili zinabeba maneno yaleyale mbele. Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri watu wasitegemee viongeza utamu hivyo kupunguza uzito, kwa kuwa ushahidi haukuonyesha faida ya muda mrefu. Ushauri huo haukuwalenga watu ambao tayari wana ugonjwa wa sukari, na hilo husahaulika habari inapopita midomoni.

Mtindi uliopunguzwa mafuta

Dai la pili ni lile linalotamkwa "lofati". Kwa kipimo cha Kodeksi, chakula kigumu kinaweza kuitwa chenye mafuta kidogo kikiwa na mafuta yasiyozidi gramu 3 katika gramu 100, na kinywaji kikiwa na yasiyozidi gramu 1.5 katika mililita 100. Kipimo hicho hakigusi sukari, wala wanga, wala chumvi. Kinahesabu mafuta tu.

Tatizo ni kwamba mafuta yana kazi. Ndiyo yanayofanya mtindi uteleze ulimini na ladha yake ikae. Ukiyatoa, unabaki na kitu chepesi, kikali na chenye majimaji. Kiwanda kinajua hutarudi kununua, kwa hiyo kinajaza nafasi: wanga uliobadilishwa au jelatini kwa uzito, na sukari kwa ladha. Nilichukua vikopo viwili kwenye jokofu la supamaketi moja ya Lilongwe na kuvisimamisha ubavu kwa ubavu. Kimoja kilikuwa mtindi mtupu wa maziwa yasiyopunguzwa, kingine mtindi wa stroberi wenye neno la mafuta kidogo kwa herufi kubwa.

Mtindi mtupu ulikuwa na mafuta gramu 3.4 katika gramu 100, na wanga gramu 4.7, ambao karibu wote ni laktosi, sukari ya maziwa yenyewe. Wa stroberi ulikuwa na mafuta gramu 1.5 na wanga gramu 14, ambamo sukari ni 13. Gramu moja ya mafuta hutoa kilojuli 37 za nishati, na gramu ya sukari au protini hutoa 17. Ukizidisha na kujumlisha, pamoja na protini yake, mtindi mtupu unafika kama kilojuli 265 na ule wa mafuta kidogo unafika kama 350. Uliopunguzwa mafuta ndio unaonenepesha zaidi.

Sasa hesabu sukari ya kikopo kizima cha gramu 175. Jumla ni kama gramu 23. Ondoa 8, ambazo ni laktosi na zingekuwamo kwenye mtindi wowote wa kiasi hicho. Zinabaki 15, karibu vijiko vinne vya chai katika kikopo kinachotoshea kiganjani. Kujua kutoa laktosi ni muhimu, kwa sababu jedwali halitenganishi sukari ya maziwa na sukari ya kiwandani. Asiyejua atauogopa hata mtindi mtupu kwa ile 4.7 yake.

Haki itendeke pia kwa kiwanda. Mtindi wa stroberi wa mafuta kamili, uliotiwa sukari ileile, ungekuwa na nishati nyingi zaidi ya hivi vyote. Dai linasema kweli likilinganisha ndugu na ndugu. Linapotosha pale mnunuzi anapodhani limemlinganisha na kila kitu kwenye jokofu. Mwaka 1992 kampuni ya Nabisko ya Marekani ilitoa biskuti za Sneki-Weli zisizo na mafuta, zikagombaniwa. Walaji walijipa ruhusa ya kumaliza pakiti nzima, nazo zilikuwa zimejaa sukari.

Laiti, lakini kuliko nani?

Neno "laiti" ndilo jepesi kuliko yote, kwa maana zote mbili. Kwa Kodeksi ni neno la kulinganisha: bidhaa iwe imepungua walau robo, yaani asilimia 25, ikilinganishwa na ya kawaida ya aina yake, na lebo iseme ni nini kilichopungua. Umoja wa Ulaya unadai asilimia 30. Kupungua si sawa na kuwa kidogo. Mayonezi ya kawaida huweza kuwa na mafuta gramu 70 katika gramu 100, na ile ya laiti gramu 30. Imepungua zaidi ya nusu, haki yake ya jina imetimia. Bado ina mafuta mara kumi ya kile kipimo cha "mafuta kidogo" tulichokiona.

Kwenye sahani mambo huendelea hivi. Kijiko kimoja cha mezani cha mayonezi ya kawaida, gramu 15, kinakupa mafuta gramu 10.5. Cha laiti kinakupa 4.5. Wauza chipsi wanajua kinachofuata: mteja akiona neno hilo, hamwambii tena muuzaji "kidogo tu". Vijiko vitatu vya laiti ni gramu 13.5, na faida yote imeliwa pamoja na chipsi. Na wakati mwingine "laiti" haihusu mafuta wala sukari kabisa. Kwenye mafuta ya zeituni inaweza kumaanisha rangi na ladha iliyofifia, huku mafuta yakiwa mafuta tupu kama kawaida.

Ndugu yake wa karibu ni lile dai la "haina kolesteroli" kwenye chupa za mafuta ya kupikia. Ni kweli, na ni kweli kwa kila chupa iliyo kwenye rafu hiyo. Kolesteroli ya maana hutoka kwa wanyama, na mafuta haya yametoka kwenye mimea. Anayelilipia zaidi dai hilo ananunua chumvi iliyoandikwa "haina mifupa".

Maziwa ya nani?

Madai haya yote yaliandikwa kwa ajili ya watu wanaokula kupita kiasi. Dzaleka ilijengwa kwa watu wachache mno kuliko zaidi ya elfu hamsini walioko leo, na msaada wa chakula umepunguzwa mara kwa mara. Huko dai la mafuta kidogo linaweza kuumiza kwa upande wa pili. Nimemwona mama akichagua maziwa yaliyoondolewa mafuta kwa mtoto wa mwaka mmoja na miezi mitatu, akiyaona ndiyo "maziwa ya afya" kwa kuwa bei ilikuwa juu kidogo na picha ilikuwa ya mtu mwembamba anayekimbia.

Katika maziwa ya kawaida karibu nusu ya nishati inabebwa na mafuta. Ukiyaondoa, kikombe kilekile kinampa mtoto nishati pungufu kwa karibu nusu, na vitamini A iliyokuwa ndani ya mafuta inaondoka nayo isiporudishwa kiwandani. Tumbo la mtoto ni dogo, haliwezi kufidia kwa kunywa zaidi. Ushauri wa wataalamu wa lishe ya watoto ni huu: kabla ya mwaka mmoja, maziwa ya mama ndiyo ya kwanza, na maziwa ya ng'ombe yasichukue nafasi yake. Kati ya mwaka mmoja na miwili, maziwa ya ng'ombe yakitumika yawe yenye mafuta yake yote. Maneno yaleyale ya mbele, yanayomfaa mzee mwenye kitambi, hayamfai mtoto huyu.

Kusimama mbele ya rafu

Mimi hufanya hivi. Naanza kwa kuigeuza pakiti. Nikikuta dai la mafuta au sukari mbele na hakuna jedwali nyuma, narudisha. Kodeksi inataka kila bidhaa inayotoa dai la lishe iwe na jedwali, na asiyetaka kuonyesha hesabu hajanipa sababu ya kumwamini. Kisha nasoma safu ya gramu 100, si ile ya mlo mmoja, kwa sababu mlo mmoja kila kiwanda kinajipimia: huyu biskuti mbili, yule nne. Sharubati ina mtego wake hapa. Natafuta kama tarakimu ni za sharubati yenyewe au za iliyokwisha kuchanganywa na maji, maana sukari inaweza kuonekana robo au sehemu ya tano ya ile iliyomo kwenye chupa.

Halafu nachukua ndugu yake wa kawaida, asiye na dai, na kuvishika vyote viwili. Nikiona mafuta yameshuka, macho yangu yanahamia kwenye sukari. Sukari ikishuka, nahamia kwenye mafuta na wanga. Mwisho naangalia orodha ya viambato, ambayo hupangwa kwa uzito, kizito kwanza. Sukari huweza kukaa humo kwa majina manne: shira ya glukosi, dekstrosi, kimea, juisi nzito ya zabibu. Kila moja peke yake ni ndogo na hukaa chini, lakini zikijumlishwa zingepanda hadi nafasi ya pili. Na kuna maltodekstrini, wanga uliokatwa vipande vifupi kiasi kwamba mwili huugeuza glukosi upesi, lakini kwenye jedwali hauhesabiwi kwenye mstari wa sukari. Kwa mwenye ugonjwa wa sukari, mstari wa wanga wote una uzito kuliko ule wa sukari peke yake.

Shangazi hakulitupa boksi lake. Nilipomweleza hesabu alinyamaza, kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia: kama juisi hii inapandisha sukari haraka hivyo, je, haiwezi kumsaidia siku zile anapotetemeka na kutokwa jasho baridi baada ya vidonge vyake? Nikamwambia ndiyo, na ndivyo wauguzi wanavyoshauri: sukari ikishuka ghafla mgonjwa hupewa gramu 15 za sukari inayoingia upesi, na kwa juisi ile ni kama nusu ya kikombe chake na kidogo zaidi. Baada ya dakika 15 anapima au anaangalia hali yake.

Alimwomba mjukuu wake kalamu nene. Kwenye jani la kijani, juu kabisa ya yale maneno matatu, akamwandikisha: vijiko 27. Ndiyo hesabu ya boksi zima, kasoro nusu kijiko. Akalirudisha chini ya meza, akasema sasa hiyo ni dawa kweli.